Kijiko cha samli na kijiko cha majarini

Shangazi yangu wa Tanga alipoambiwa kliniki apunguze mafuta, hakubishana. Alirudi nyumbani, akalisogeza kopo la samli nyuma kabisa ya kabati, akamtuma mtoto dukani kununua majarini. Kwa hesabu yake mwenyewe mambo yalikuwa yamekwisha: samli ni mafuta matupu, majarini ina maji ndani yake, basi ukipika kwa majarini unakula mafuta kidogo. Miezi miwili baadaye uzito wake ulikuwa pale pale. Nilipokwenda kumwamkia alinipokea na swali: "Mwanangu, hivi hii majarini wameitia nini?"

Swali lile lilinifanya nishinde naye jikoni siku nzima nikiwa na mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri inayosoma gramu moja moja. Shangazi hakuwa amekosea kuhusu maji. Yamo kweli, tena mengi. Hesabu yake iliharibikia kwenye kijiko.

Tuanze na vitu vyenyewe, kwa sababu madukani vinakaa rafu moja na majumbani majina yake yanachanganywa. Wengi wetu tunaiita majarini siagi, na wengine wanaiita kwa jina la kampuni iliyozoeleka. Siagi yenyewe hutoka kwenye maziwa tu. Kiwango cha kimataifa cha chakula, kinachoitwa Codex, kinataka siagi iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80, na maji yasiyozidi asilimia 16. Kinachobaki ni protini, sukari ya maziwa na pengine chumvi. Kwa hiyo ukiwa na gramu 100 za siagi, umeshika kama gramu 80 za mafuta na kama gramu 16 za maji yaliyotawanyika ndani yake kwa matone madogo yasiyoonekana kwa macho.

Samli ni siagi iliyochemshwa mpaka maji yakaisha na mashapo ya maziwa yakachujwa. Kiwango hicho hicho kinataka iwe na mafuta asilimia 99.6, na maji yasifike hata gramu moja katika gramu 100. Mafuta ya maji ya kupikia, yawe ya alizeti, ya mawese, ya ufuta au ya nazi, ni mafuta matupu. Vivyo hivyo yale mafuta meupe yanayoganda ya kwenye kopo: yanafanana na majarini kwa sura, lakini hayana maji ya kuhesabika, na anayeyapima kama majarini anakosea kwa sehemu moja kati ya tano.

Majarini ndiyo yenye mambo. Kwa kiwango, kinachostahili jina hilo kina mafuta kuanzia asilimia 80, sawa na siagi. Lakini makopo mengi ya kupaka mkate yaliyopo madukani yako chini ya hapo. Utakuta yenye asilimia 70, yenye 60, hata yenye 40. Nafasi iliyoachwa na mafuta imejazwa maji, na viungo vya kushikanisha ndivyo vinavyoyazuia maji yasijitenge. Ukifungua kopo huoni tofauti. Rangi ni ile ile ya manjano na ulaini ni ule ule. Njia ya kujua ni kuusoma mstari wa mafuta kwenye jedwali dogo la nyuma, penye hesabu ya kila gramu 100. Ukikuta 60, basi sita ya kumi ya kopo lile ni mafuta, na karibu yote yaliyobaki ni maji. Kopo la shangazi lilisoma 60.

Kutoka hapo hesabu ni nyepesi. Gramu moja ya mafuta, ya mnyama au ya mmea, hutoa kalori 9, zile zinazoandikwa kcal kwenye vibandiko. Maji hayatoi kitu. Kijiko cha chakula cha kawaida huchukua mililita 15. Mafuta ya maji ni mepesi kuliko maji yenyewe, kwa hiyo mililita 15 zake zina uzito wa kama gramu 13.6, na zote ni mafuta. Hizo ni kalori 120 na kitu. Samli iliyoyeyuka ni hivyo hivyo. Siagi ni nzito kidogo kwa sababu ya maji yake, na kijiko chake kina gramu 14 hivi, lakini mafuta ndani yake ni gramu 11 na nusu tu, kwa hiyo kalori ni kama 100. Kijiko cha majarini ya asilimia 60 nacho kina gramu 14, mafuta gramu 8.4, kalori 76. Cha asilimia 40 hakifiki hata kalori 51. Kijiko cha chai ni theluthi ya hizo zote.

Kwenye karatasi, basi, shangazi alikuwa sahihi. Kutoka samli hadi majarini yake, kila kijiko kilimpunguzia kalori zaidi ya 40. Nikamwomba apike kama anavyopika siku zote, mara moja kwa samli na mara moja kwa majarini, nami nikae pembeni na mizani.

Chapati zake ni 12 kwa gramu 600 za unga wa ngano. Anaweka vijiko viwili vya chakula kwenye unga wakati wa kukanda, kisha kila chapati inapata kijiko kimoja cha chai wakati wa kuizungusha na kimoja wakati wa kuichoma. Ukijumlisha ni vijiko viwili vya chakula na vijiko 24 vya chai, na kwa kuwa vijiko vitatu vya chai ni kimoja cha chakula, jumla ni sawa na vijiko kumi vya chakula. Samli aliiyeyusha kwanza kwenye kibakuli, kama alivyofundishwa na mama yake. Nilipima kibakuli kabla hajaanza na baada ya kumaliza. Zilitoka gramu 136, sawasawa na vijiko kumi vya gramu 13.6. Mkono wa mpishi wa miaka 40 haukunishangaza. Gramu 136 mara 9 ni kalori 1,224. Gramu 600 za unga ni kama kalori 2,180. Chungu kizima kikawa na kama kalori 3,400, na kila chapati 284.

Ikaja zamu ya majarini. Hapa nilipima kopo zima, kifuniko kikiwa pembeni, kabla na baada. Huhitaji kujua uzito wa kopo tupu, kwa sababu unachotafuta ni kilichoondoka tu. Kwa vijiko kumi vya gramu 14 nilitarajia ziondoke gramu 140. Ziliondoka gramu 204.

Shangazi alisema hakuongeza hata kijiko kimoja, nami namwamini, kwa kuwa nilikuwa nahesabu naye. Siri iko katika namna vitu hivi vinavyokaa kwenye kijiko. Mafuta ya maji na samli iliyoyeyuka hujisawazisha yenyewe, na kinachozidi ukingo humwagika. Majarini inakaa kama udongo wa kichuguu. Ukichota unapata kilima juu ya kijiko na kingine kimeganda chini yake, na jicho linasema bado ni kijiko kimoja. Nilichukua kijiko kimoja cha chakula alichochota kwa ajili ya kukandia unga nikakiweka kwenye mizani: gramu 25. Nikakisawazisha kwa mgongo wa kisu na kukifuta chini: gramu 14. Hapo ndipo yalipokuwa makosa yote. Gramu 25 za majarini ya asilimia 60 zina mafuta gramu 15, yaani zaidi ya kijiko cha samli alichokuwa anakikimbia.

Lipo na la pili, na hili ni la kwenye kikaango. Samli inapogusa chuma cha moto inatanda na kunyamaza. Majarini ilipogusa ilianza kuchachatika na kutoa povu. Ile sauti ni maji yanayogeuka mvuke, na mpaka yaishe chuma hakipati joto la kuchomea, kwa kuwa moto wote unatumika kuyakausha. Chapati inakaa muda mrefu, inashika chini, na mpishi anachota zaidi kidogo ili isigande. Shangazi alifanya hivyo mara kwa mara bila kujua, kila kijiko cha chai kikiwa kimepanda kilima kuliko kilichotangulia.

Kwa hiyo tuipige hesabu ya kweli. Gramu 204 za majarini, sita ya kumi yake ni mafuta, yaani gramu 122 na kidogo. Mara 9 ni kama kalori 1,100. Jumlisha na unga, chungu kina kama kalori 3,290, na kila chapati 274. Ile ya samli ilikuwa 284. Shangazi hula chapati mbili asubuhi. Kwa miezi miwili alikuwa amejinyima ladha aliyoipenda tangu utoto, na alichoipunguzia asubuhi yake ni kalori 20, chini ya zilizomo katika vijiko viwili vya chai vya sukari. Angesawazisha kila kijiko, chapati ingekuwa na kalori 245, na hapo tofauti ingeonekana.

Simaanishi kwamba uzito wake haukushuka kwa sababu ya chapati peke yake. Nilichoweza kuthibitisha siku ile ni kwamba badiliko alilolitegemea halikuwapo.

Kuna jambo moja watu huliuliza hapa, nami naliona ni la haki. Kama maji yanakauka kwenye kikaango, je, hesabu haibadiliki? Haibadiliki. Kinachopaa ni maji, na maji hayakuwa na kalori hata kabla ya kupaa. Mafuta yamebaki kwenye chapati, au kwenye chuma, au yamerukia ukutani. Kinachobadilika ni uzito, na uzito ndio unaowapoteza wanaohesabu baada ya kupika. Chukua siagi ya gramu 500 ukaichemshe iwe samli. Utapata kama gramu 400, na huku kwenye chujio una mashapo kidogo ya kahawia. Kalori za sufuria ni karibu zile zile, isipokuwa kidogo zilizobaki kwenye mashapo. Lakini kila kijiko sasa kimeshiba zaidi, kwa sababu maji yaliyokuwa yanachukua nafasi hayapo. Anayeandika kwenye daftari lake kwamba ametumia samli gramu 136, kisha akazipigia hesabu ya siagi, atapata kama kalori 980 badala ya 1,224. Kalori 240 na zaidi zimepotea kwenye karatasi, si tumboni.

Kosa la aina hiyo hutokea pia kwenye chupa. Mafuta ya kupikia tunayanunua kwa lita, na lita moja haifiki kilo. Ni gramu 910 mpaka 920 hivi. Vibandiko vingine vinatoa hesabu kwa mililita 100 na vingine kwa gramu 100. Cha kwanza kitasoma kama kalori 820 na cha pili kama 900, na mtu anaweza kudhani chupa ya kwanza ni nyepesi kwa mwili. Ni mafuta yale yale. Tazama kwanza kipimo kilichoandikwa juu ya jedwali, ndipo usome namba.

Vipi kuhusu siagi ya nyumbani isiyo na kibandiko? Wanaosuka maziwa kwenye kibuyu wanajua kwamba siagi inapotoka tu imebeba mtindi mwingi, na kwamba ukiifinyanga na kuiosha kwa maji baridi mtindi unatoka na siagi inakaza. Aliyeifinyanga vizuri na aliyeharakisha wanauza donge la ukubwa mmoja, lakini ndani si sawa. Hapa hakuna namba ya kusoma, ila kuna jaribio dogo ambalo tulilifanya kwa siagi ya jirani.

Pima sufuria ndogo yenye kina ikiwa tupu, kisha weka ndani yake gramu 50 za siagi. Washa moto mdogo sana. Siagi itayeyuka, itatoa povu, na utaanza kusikia mchachatiko mwembamba. Sikiliza zaidi kuliko kutazama. Sauti ikififia na povu likatulia, maji yamekwisha, nawe zima moto hapo hapo kabla mashapo hayajaungua. Pima tena. Uzito uliopungua ndio maji. Siagi ya dukani hupoteza kama gramu 8 kati ya 50, ambayo ndiyo ile asilimia 16. Ile ya jirani ilipoteza gramu 12. Karibu robo ya donge ilikuwa maji, na kijiko chake kilikuwa chepesi kwa kalori kuliko cha siagi ya kibandiko, ingawa bei yake ilikuwa ya siagi kamili.

Jaribio hili lina mipaka yake. Moto ukiwa mkali mafuta yanaruka, na kila tone lililorukia jiko litahesabika kama maji. Mizani inayosoma gramu moja moja inaweza kukosea kwa gramu moja huku na huku, kwa hiyo kupima gramu 50 kunafaa na kupima 10 hakufai. Na linapima maji tu. Mashapo yaliyobaki chini si mafuta, ingawa kwa siagi ni kidogo. Kwa kopo la majarini nililifanya pia: kati ya gramu 50 zilipungua 19. Kibandiko hakikusema uongo.

Ukitaka kuyaona maji yenyewe kwa macho, weka kipande cha siagi kwenye glasi, kisha glasi uisimamishe kwenye bakuli la maji ya moto bila kukoroga. Baada ya muda siagi inajigawa: juu mafuta ya dhahabu yanayong'aa, chini tabaka jeupe la maji na maziwa. Shangazi alilitazama lile tabaka jeupe kwa muda mrefu. "Kumbe ndiyo inayonililia kwenye kikaango," akasema.

Kwa vyakula vinavyozama kwenye mafuta, kama maandazi na vitumbua, usipime andazi. Andazi linapoteza maji likiwa kwenye karai huku linanyonya mafuta, na mizani itakuonyesha vyote viwili vimechanganyika. Pima mafuta. Karai na mafuta yake kabla hujaanza, na karai na mafuta yake baada ya kupoa, pamoja na yale yaliyodondoka kwenye sinia uliyochujia. Tofauti ndiyo iliyoliwa, ukiacha kidogo kilichoruka. Makombo yaliyozama chini yachuje kwanza, la sivyo yatahesabika kama mafuta yaliyobaki.

Sijagusa habari ya mafuta yapi ni mema kwa moyo. Samli na siagi zina mafuta mengi ya aina inayoganda, alizeti ina machache, na hilo ni jambo la kuzungumza na daktari. Kalori 9 kwa gramu hazijali tofauti hiyo, na mtu anaweza kubadilisha aina bila kupunguza kiasi, au kupunguza kiasi bila kubadilisha aina.

Shangazi alichagua la mwisho. Wiki iliyofuata alinipigia simu asubuhi, mizani nimemwachia. Alikuwa ameirudisha samli. Badala ya kuchota kijiko kwa kijiko, alipima gramu 90 kwenye kibakuli, akaziyeyusha, akasema chapati zote 12 zitatoka humo humo. Kwenye unga aliweka kijiko kimoja badala ya viwili. Ya kuzungushia aliipaka kwa brashi ndogo ya keki, na kikaango alikipangusa kwa kitambaa safi kilicholowa samli. Alipomaliza, kibakuli kilikuwa kimebaki na gramu 14. Zimetumika 76, yaani kalori 684. Pamoja na unga, kila chapati ilikuwa na kalori 239.

"Ziko kavu kidogo pembeni," aliniambia. "Lakini ni samli, mwanangu. Kesho nitajaribu gramu 85."